Vyungu vya maua kwa roshani ndogo: rangi zilivyopangwa kwa ukuta wa krimu

Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa zimepakwa krimu, na chini pana mkanda wa kahawia wa kuficha vumbi jekundu. Nimezipanga rangi za vyungu, kuanzia inayofaa zaidi, kwa roshani yenye ukuta wa namna hiyo, inayotosha kiti kimoja na vyungu vitano hivi, vyenye jerania nyekundu na alovera.

1. Kijivu kilichokolea. Kinaonekana wazi mbele ya krimu, lakini hakishindani na ua. Jerania ikichanua, jicho linakwenda kwenye wekundu wake, si kwenye chungu. Chungu cha saruji kinafaa, ila ni kizito. Kiweke karibu na ukuta, si kwenye kingo. Ukitaka kukipaka mwenyewe, acha saruji ikauke kama mwezi mmoja, kisha tumia rangi ya maji. Rangi ya mafuta juu ya saruji mbichi huliwa na chokaa iliyomo, ikalainika na kubanduka.

2. Udongo wa kuchoma usiopakwa kitu. Huu unaendana na mkanda wa kahawia, na majani ya alovera yenye ukijivu wa kijani hupendeza sana ndani yake. Kwa jerania nyekundu siushauri: wekundu wa ua na wa chungu vinakaribiana mno, ua halijitokezi. Na kama ukuta wako ni wa tofali za kuchoma zisizopigwa lipu, chungu kitamezwa kabisa. Usinunue kilichopakwa rangi ya mafuta kwa nje, hata kikimeta vipi. Maji hupenya kutoka ndani, yanaisukuma rangi, na baada ya muda utaona malengelenge.

3. Nyeupe. Dukani huvutia. Lakini nyeupe safi ikikaa mbele ya krimu, ukuta unaonekana kama umechakaa, na mvua ya kwanza ikirusha matope utashika kitambaa. Kinafaa zaidi kwenye ukuta wa kijani au wa kijivu.

4. Plastiki nyeusi. Rangi si mbaya, tatizo ni joto. Roshani inayopigwa na jua la mchana, hasa Septemba na Oktoba, chungu cheusi kinachemka na udongo unakauka upesi. Penye kivuli, sawa.

5. Bluu, waridi na njano kwa pamoja. Hapana. Kimoja tu cha bluu kati ya vijivu kinatosha, tena kiwe na mmea wa majani matupu.

Kabla ya kulipa, muombe muuzaji akiweke chungu mbele ya ukuta unaofanana na wako, upige picha kwa simu, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Chungu na ukuta vikitoka kijivu kilekile, hata rangi zenyewe ziwe tofauti, ukiwa mbali chungu hakitajitokeza vizuri. Chagua kingine kilichokolea zaidi.