Uzoefu wangu na tangazo la kozi ya programu Unguja: ile asilimia 90 ni ya nani?

Tangazo ninalolieleza ni la kituo kimoja cha mjini Unguja kinachowachukua waliomaliza skuli, kidato cha nne na cha sita, kwa kozi ya wiki 12 ya kutengeneza tovuti. Ratiba iko wazi: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi mpaka saa 7 mchana. Ada nayo iko wazi, ingawa anayetoka Pemba ajue kodi ya chumba haimo. Kinachonisumbua ni mstari wa juu: "Asilimia 90 ya wahitimu wetu wana kazi."

Niliomba hesabu nne: walioandikishwa, waliomaliza, waliojibu walipoulizwa habari zao, na waliosema wana kazi. Nilipewa bila kinyongo: 40, 28, 20 na 18. Kumbe 90 imetoka kwa kugawa 18 kwa wale 20 waliojibu tu. Mtoto anayeandikishwa leo anaingia kwenye fungu la 40, kwa hiyo ajira iliyothibitika ni 18 kwa 40, yaani asilimia 45. Tena saba kati ya hao 18 wanasaidia kufundisha hapo hapo kituoni kwa posho. Walioajiriwa nje ni 11.

Omba pia viungo vya kazi za wahitimu kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya programu, uone nani hasa aliyeifanya kazi. Ukishapakua mradi kwa amri ya git clone, ingia kwenye folda yake uandike:

```
git shortlog -sn HEAD
```

Utaona jina la kila aliyeweka mabadiliko, na mara ngapi. Katika mradi mmoja wa duka la mtandaoni, mwalimu alikuwa na 31, mwanafunzi 2. Angalia miradi mitatu minne kabla ya kuhukumu, kwani wapo walimu wanaoanza kwa kuwawekea wanafunzi kiolezo.

Kwenye malipo, anayelipa kwa mkupuo hutoa shilingi 900,000. Kwa awamu ni 400,000 siku ya kujiandikisha, 300,000 wiki ya 4 na 250,000 wiki ya 8, jumla 950,000. Kwa maoni yangu hiyo 50,000 ya ziada inafaa kulipwa, kwa sababu anayeacha mapema hapotezi ada nzima. Lakini soma fomu: hii ilikuwa na kifungu kinachosema anayeacha atadaiwa ada yote. Kikibaki, awamu hazikulindi chochote.

Tazama na tarehe. Wiki nne za mwanzo ni HTML na CSS, na wengi huziweza. JavaScript inaanza wiki ya 5, na hapo ndipo wengine hukwama, ilhali awamu ya pili imeshalipwa. Omba isogezwe hadi mwisho wa wiki ya 6 na kifungu kile kifutwe, yote kwa maandishi kabla ya kutia saini. Kituo hiki kilikubali yote mawili kilipoombwa.