Baiskeli ya mtumba Tanga: ipi inakufaa kwa urefu wako, na maelezo gani umdai muuzaji

Ukipita kwa wauza baiskeli za mtumba Ngamiani au Makorora, karibu kila baiskeli utaelezwa kwa namba moja tu: "Hii inji ishirini na sita." Namba hiyo ni ya gurudumu, na haikwambii kama miguu yako itafika chini. Baiskeli mbili za inji 26 zinaweza kusimama bega kwa bega, moja ikamfaa binti wa sentimita 155 na nyingine ikamfaa kijana wa 180. Kinachoamua ni fremu. Kwa hiyo nimezipanga aina tatu zinazouzwa sana hapa mjini kwa kuanzia na mwili wa mpandaji, kisha gia, breki na tairi.

Kabla hujatoka nyumbani, pima mguu wako. Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, bana kitabu kinene katikati ya mapaja hadi kikae juu kabisa, kisha mwenzako apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo sokoni, pamoja na futi kamba. Watu wawili wa urefu mmoja wanaweza kupishana mguu kwa sentimita tano, na baiskeli inaujua mguu kuliko kimo.

Fremu hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedali, kupanda na bomba la kiti, hadi bomba hilo linapoishia. Si hadi kwenye siti, kwa sababu siti hupanda na kushuka. Ikiwa fremu ina bomba la juu lililolala, pima pia kutoka ardhini hadi juu ya bomba hilo. Ukisimama umelipitishia miguu, libaki chini ya msamba wako kwa sentimita tatu angalau. Likigusa, iache, hata kama bei ni ya kutupa. Siku utakaposimama ghafla mbele ya bajaji utaangukia bomba.

Nafasi ya kwanza naipa baiskeli ya Kijapani, ile ya bomba lililoinama, yenye kikapu mbele na keria nyuma. Tanga mjini ni tambarare, kutoka Sahare hadi Chumbageni hakuna mlima wa kukutoa jasho, na baiskeli hii ilitengenezwa kwa safari za namna hiyo: sokoni, kazini, kumpeleka mtoto shule. Kwa kuwa haina bomba la juu, mwenye gauni, kanzu au baibui anaipanda bila shida, na mtu mfupi hana cha kuogopa. Yenye gurudumu la inji 26 kwa kawaida inawafaa watu wa sentimita 145 hadi 170 hivi. Ile ya inji 27 humfikisha wa 175 na kidogo zaidi.

Sababu yangu kubwa ya kuiweka juu, hata hivyo, ni breki ya nyuma. Nyingi zina breki ya mkanda iliyofungwa ndani ya kifuniko cha duara kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, wakati baiskeli nyingine hukamata ringi kwa mpira. Ringi ya chuma ikilowa, mpira huteleza, na masika ya Machi hadi Mei si mchezo hapa. Breki ya mkanda haijali ringi imelowa kiasi gani. Ubaya wake ni kelele: inapiga yowe ukiibana. Yowe peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni mkono wa breki kugusa usukani kabla gurudumu halijakamatwa. Mwambie muuzaji akaze waya kwanza, ukajaribu tena. Waya ukishakazwa mpaka mwisho na mkono bado unazama, mkanda umekwisha.

Gia zake mara nyingi ni moja, au tatu zilizofichwa ndani ya habu. Hizo tatu ni bora sana kwa pwani, kwa sababu chumvi na mchanga haviingii kirahisi. Ukiijaribu na ya tatu au ya pili ikawa inaruka, usikimbie. Kwenye zile za Shimano Nexus weka gia ya pili, chungulia kidirisha kidogo cha kisanduku kilicho kwenye ekseli ya nyuma. Mstari wa njano ukae kati ya alama mbili. Usipokaa, ni waya tu unaohitaji kurekebishwa, kazi ya dakika chache. Ukikaa sawasawa na gia bado inaruka, ndani kumeharibika, na habu hiyo si kila fundi anaweza kuifungua.

Udhaifu wa Kijapani upo kwenye tairi, na hapa watu wengi huumia. Tairi yake ya inji 26 imeandikwa 26 x 1 3/8, na pembeni utaona pia 37-590. Tairi ya baiskeli ya milima imeandikwa 26 x 1.95 au 2.125, na namba yake inaishia na 559. Zote zinaitwa inji ishirini na sita, lakini moja ni kubwa kuliko nyingine kwa milimita 31 pale inapokaa kwenye ringi. Hazibadilishani kabisa. Ya inji 27 ina namba 609, nayo ni shida zaidi. Kabla ya kulipa, soma namba iliyo pembeni mwa tairi, nenda duka la spea ulilolizoea, uulize kama wanayo.

Nafasi ya pili ni ile baiskeli nzito ya kiume, Phoenix, Avon au Hero, yenye magurudumu ya inji 28 na breki za vyuma badala ya waya. Kwa anayebeba mkaa, madafu, mikate au magunia, hii ndiyo ya kwanza na simbishii. Spea zake kila fundi anazo, na gia ni moja tu, hivyo hakuna cha kuharibika. Lakini fremu zake ni za warefu. Ya inji 22 ina bomba la juu lililo karibu sentimita 80 kutoka ardhini, na ya inji 24 inakaribia 85. Maana yake ya 22 inamtaka mtu mwenye mguu wa sentimita 83 au zaidi, yaani wa kimo cha kama 178. Ya 24 ni ya mtu wa karibu 190 na kuendelea. Tumezoea kuwaona vijana wafupi wakiyumba kiuno huku na huku kuzifukuza pedali, lakini hao wanaumiza mgongo na magoti. Breki zake hukamata ringi ya chuma, basi mvua ikinyesha anza kufunga mapema sana.

Ya tatu ni baiskeli ya milima yenye gia 18 au 21 na springi mbele. Anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani anazihitaji gia hizo. Wa Mikanjuni atatumia mbili, nyingine zitashika kutu. Fremu ya inji 16 inamfaa mtu wa sentimita 157 hadi 170, ya 18 wa 170 hadi 178, ya 20 wa 178 hadi 185. Ukiikuta nzuri, simama nyuma yake utazame kile kibano kinachosogeza cheni: magurudumu yake mawili madogo yawe kwenye mstari mmoja wima na meno ya juu yake. Yakipinda kuelekea spoku, baiskeli iliangukia upande huo, na siku moja kitaingia ndani ya spoku ukiwa mwendoni. Cheni pima kwa futi kamba: pingili 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ziwe inji 12 kamili. Zikizidi kwa milimita tatu, meno nayo yameshaliwa, na cheni mpya itaruka juu yake.

Kwa aina zote tatu, mji wetu una adui mmoja, chumvi. Mwambie muuzaji aipandishe na kuishusha siti mbele yako. Chuma cha siti kikiwa kimegandana na fremu, hutaweza kuiweka kwenye urefu wako, na fremu nzuri yote inakuwa bure. Kisha tazama nati ndogo za spoku pale zinapoingia kwenye ringi. Zikishikana kwa kutu, gurudumu likipinda halitanyooshwa, spoku zitakatika tu.

Mpwa wangu, kimo 162 na mguu 74, alitumiwa maelezo haya na muuzaji: "Mjapani mkali, inji 26, gia tatu, breki zote, tairi mpya." Tulienda na futi kamba. Fremu, ekseli ya pedali hadi mwisho wa bomba la kiti, sentimita 43. Kimo cha siti kinachofaa ni mguu mara 0.88, kwake 65, kutoka ekseli ya pedali hadi juu ya siti. Ukitoa 43 za fremu na 10 za unene wa siti yenye springi, chuma kinatakiwa kuchomoza 12. Kilichomoza bila kufikia alama ya mwisho iliyochongwa juu yake. Alikaa, akaweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu ukanyooka. Hapo urefu ukapita.

Tairi ya mbele ilikuwa nzuri kweli. Ya nyuma ilikuwa na vijinyoya vizuri juu, lakini tulipoibonyeza pembeni ikafunguka nyufa ndefu, na sehemu moja nyuzi zilionekana. Ni mpira uliozeeka kwa kukaa, na pembeni ndipo hupasukia. "Mjomba, hiyo haijatembea kabisa," muuzaji alisema, na pengine ni kweli, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Gia ya tatu iliruka, mstari wa njano ulikuwa nje ya alama, ukarekebishwa ikatulia. Breki ya nyuma ilipiga yowe na kukamata. Mipira ya breki ya mbele ilikuwa imekwisha.

Nikamwomba ayaandike upya maelezo, tujue tunabishania nini: "Baiskeli ya Kijapani, bomba la kuinama. Fremu sentimita 43, gurudumu 26 x 1 3/8. Inafaa mtu wa 145 hadi 170, siti inapanda na kushuka. Gia tatu za ndani, zote zinashika. Breki ya nyuma ya mkanda nzuri, ya mbele inataka mipira. Tairi ya mbele nzuri, ya nyuma ina nyufa, ibadilishwe. Nati za spoku zinazunguka, hakuna kutu kwenye maungio ya fremu." Kwenye bei aliyotaja tukatoa tairi moja, tyubu na mipira ya breki kwa bei ya duka la spea la jirani, tukadai na risiti yenye namba iliyochongwa kwenye fremu. Akakubali.