H7/g6 au H8/f7 kwa shafti ya mashine ya kukunia nazi?

Mafundi wa Mombasa wanaobuni mashine za kukunia nazi hubishana sana kuhusu shafti ya milimita 20 na bushi yake. Kwenye CAD vyote huchorwa 20 kamili. Ubishi ni alama ipi ya mkao iandikwe kwenye mchoro: herufi kubwa na namba yake huonyesha vipimo vinavyoruhusiwa vya tundu la bushi, herufi ndogo na namba yake vya shafti.

H7/g6 huacha nafasi ya milimita 0.007 hadi 0.041. Kichwa cha kukunia hakichezi sana, lakini kipenyo cha shafti kinaruhusiwa kupishana kwa 0.013 tu, na mara nyingi leti pekee haitoshi, inabidi shafti isagwe. Gharama hupanda.

H8/f7 huacha 0.020 hadi 0.074. Fundi makini wa leti huifikia, grisi hupata pa kukaa, ila kichwa hucheza zaidi.

Kinachosahauliwa mno ni hiki: bushi ikishindiliwa mahali pake, tundu lake hubana. Pima upya, kisha pitisha rima, kifaa cha kupanua tundu hadi kipimo sahihi. Ukipuuza, shafti iliyozunguka kwa kidole huwa nzito baada ya dakika chache za kazi.

Anayekuna nazi sokoni kutwa nzima, H8/f7 itamfaa. Mwenye kichwa kirefu kinachoninginia nje ya bushi, na mahali pa kusagia shafti, achague H7/g6.