Video ya kufundisha chenga ya bega: ipi ununue, ipi uiache

Mzazi au kocha unayetaka kumnunulia dogo video ya mazoezi, nakushauri ununue ya chenga moja iliyofundishwa vizuri, achana na zile za chenga hamsini kwa mkupuo. Hapa nazipanga kwa chenga ya bega, ile iliyompa jina Stanley Matthews, winga wa Uingereza aliyechukua Ballon d'Or ya kwanza kabisa mwaka 1956.

Chenga yenyewe iko hivi. Unamfuata beki, ukifika kama mita 2 hivi unagusa mpira kidogo tu kwa ndani ya mguu wa kulia usogee kushoto, na palepale mguu wa kushoto unakanyaga pembeni, goti linakunjika, bega la kushoto linashuka, beki anajaa kwamba unapita huko, hapo ndo unausukuma mpira kulia kwa nje ya mguu uleule wa kulia na kujisukuma kwa ule wa kushoto uondoke kwa kasi. Yaani bega na mguu wa kushoto vinashuka pamoja, na video isiyokuonyesha hivyo viwili kwenye picha moja haijakufundisha hii chenga.

Namba 1 naipa video ya kamera iliyosimama mbele kwa mshazari, urefu wa kiuno, mchezaji anaonekana kuanzia kichwa mpaka mpira muda wote, halafu zoezi hilohilo linarudiwa kamera ikiwa nyuma yake. Kwanini mshazari? Kamera ikiwa mbele moja kwa moja unaona bega likishuka ila hujui mpira uko mbali kiasi gani na mguu, ikiwa pembeni kabisa unaona umbali wa mpira ila bega linaelekea kwenye kamera kwahiyo huoni limeshuka kiasi gani, mshazari unakupa vyote. Ile ya nyuma ni muhimu sana kwa watoto kwasababu kulia kwa mwalimu ni kulia kwake pia, kwenye ya mbele inageuka na dogo anaanza kukanyaga kwa mguu wa kulia.

Namba 2 ni kioo kilichogawanywa, miguu upande mmoja na mwili mzima upande mwingine. Nzuri kama zimeenda sawa, na kujua ni rahisi, simamisha pale mguu unapogusa mpira, pande zote mbili ziwe zinagusa. Shida ni simu ndogo, kila picha inakuwa kama stempu, kwahiyo hii nunua kama mnaangalia kwenye tablet au TV.

Namba 3 ya kamera ya pembeni peke yake, inafaa kwa anayeijua tayari na anataka kurekebisha mwendo wa kuondoka. Namba 4 ya droni, inakuonyesha njia ya mpira kati ya koni ila magoti huyaoni kabisa. Ya mwisho ni ile ambayo kamera imesogezwa karibu inaonyesha miguu tu, na ndo inayouzwa kwa mbwembwe kuliko zote, kiatu kinang'aa, mpira unacheza, mtoto anaipenda. Matokeo yake nimeyaona uwanjani kwetu, dogo anagusa ndani, anagusa nje, safi kabisa, ila kiwiliwili kimesimama wima na miguu imebanana, beki hahami hata hatua moja anauchukua mpira. Tulipomwekea ya mshazari tukaisimamisha pale bega linaposhuka, akaona mwenyewe ule mguu wa kushoto uko mbali na mwili wakati yeye anauweka chini ya nyonga. Mguu ukiwa chini ya nyonga huna cha kujisukumia, hata ungekuwa na kasi gani.

Kabla ya kulipa angalia treila, isimamishe bega likiwa chini kabisa. Kichwa kinaonekana? Mguu wa kushoto umeshakanyaga? Mpira upo kwenye picha? Kimoja kikikosekana usilipe. Angalia na mwendo wa taratibu, kama mguu unageuka ukungu ujue ilirekodiwa kawaida halafu ikapunguzwa kasi, tafuta inayosema 60 fps au 120 fps, yaani picha 60 au 120 kwa sekunde. Pia iwe na beki mtu japo kwenye sehemu ya mwisho, koni haizugiki, kwahiyo huwezi kujua kama mwalimu anazuga mapema mno au amechelewa.

Na hakikisha inapakuliwa ikae kwenye simu, maana hii utairudisha nyuma sekunde 2 zilezile mara nyingi sana pale uwanjani na bando halitakuvumilia. 720p inatosha kwa simu, hamna haja ya kulipia zaidi ya hapo.