Tahadhari: simu ya kuachwa getini na sahihi ya askari

Ndugu zangu wa Mombasa, hasa nyinyi mnaoagiza vitu mtandaoni mkaletewa kazini, someni haya kabla hamjamwambia muuzaji "muachie askari".

Wiki mbili zilizopita niliagiza simu kwa muuzaji niliyemwona Facebook, shilingi 21,500. Sharti lake lilinipendeza: hulipi kitu mpaka mzigo ufike. Akaniuliza nafanya kazi wapi, saa ngapi huwa natoka, na nani yuko getini mchana. Nikamjibu yote. Niko Shimanzi, kwenye yadi yenye geti moja na askari wa kampuni ya ulinzi.

Mtu wa boda alifika Ijumaa, saa saba kasoro dakika kumi. Mwenyeji wa hapa anajua saa hiyo watu wako wapi. Nilikuwa msikitini, simu nimeizima. Akamwambia askari kwamba mimi mwenyewe nimesema aachiwe yeye, na kwamba ana mizigo mingine ya kuvusha Likoni. Kifurushi kilikuwa kimezungushiwa selotepu ya manjano hata boksi halionekani. Askari akatia sahihi.

Nilipotoka nikakuta picha ya ile karatasi kwenye WhatsApp. Jina langu limeandikwa, chini yake sahihi ya askari, na ujumbe: "Mzigo umepokelewa, malizia malipo." Nikapiga simu getini. Askari akanijibu kwa nia njema kabisa, "Ndiyo kaka, mzigo wako uko hapa." Kwa neno hilo nikalipa. Niliporudi nikaufungua mbele yake, selotepu ikiwa haijaguswa. Ndani mlikuwa na kipande cha kigae kilichofungwa gazeti, na chaja kuukuu.

Mtego wote uko kwenye ile karatasi. Kwa herufi ndogo imeandikwa kwamba aliyetia sahihi amepokea bidhaa kamili, katika hali nzuri. Lakini mahali pa kutaja bidhaa pameandikwa "kifurushi 1" tu, bila aina ya simu wala IMEI. Nilipolalamika, muuzaji alinijibu kwamba mtu wetu amekagua na kutia sahihi, basi kilichopotea kimepotea mikononi mwetu. Papo hapo akamgeuza askari kuwa mwizi. Msimamizi wake alishaanza kuzungumzia kumkata mshahara, na hilo liliniuma kuliko pesa zenyewe. Yule hakujua nimeagiza nini, wala hana ruhusa ya kufungua mzigo wangu. Kilichomwokoa ni kwamba nilifungua mbele yake na wenzake wawili wakashuhudia.

Meseji ya malipo niliituma kwa 456 kuomba M-Pesa irudishe, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa. Polisi wamenipa namba ya OB, nangoja.

Sasa kazini tumekubaliana hivi. Simu au kitu chochote cha thamani hupokelewa na mwenye nacho. Kama hayupo, mtu wa boda arudi nacho, hata akipiga kelele. Kwa vitu vingine, askari au dada wa mapokezi akilazimika kupokea, haandiki jina la mwenye mzigo na hatii sahihi kwa niaba yake. Anaandika jina lake mwenyewe, saa, namba ya pikipiki, na juu ya sahihi maneno haya: "Kifurushi kimoja kimefungwa, hakijakaguliwa." Kisha anaipiga picha karatasi kabla haijaondoka, maana wengine huongeza maandishi baadaye. Maneno hayo hayarudishi pesa, ila yanamnyima muuzaji ule utetezi wa kwamba mmekagua.

Na malipo yasitoke kwa sababu askari amesema mzigo upo. Yeye anaona boksi tu. Shuka mwenyewe, fungua mtu wa boda akiwa amesimama hapo, washa simu, piga *#06# uone IMEI, ulinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Ni dakika tano. Ukiambiwa "siruhusiwi kukungoja ufungue", mrudishie mzigo wake bila kutia sahihi.

Huyu muuzaji bado anauza. Ukurasa umebadilishwa jina tangu niliponunua, lakini picha ni zilezile: simu zimepangwa juu ya zulia jekundu, na bei ziko chini kidogo kuliko za madukani mjini. Utamjua kwa maswali yake. Hashughuliki sana na unapokaa, anataka mahali pa kazi, saa unayotoka, na jina la askari wa mchana. Akikuuliza jina la askari, usimpe.