Nilinunua kopo la kriatini nikidhani nimenunua kilo: uzoefu wangu

Mimi ni kimbaombao wa Moshi, Majengo huku, urefu mita 1.78 na wakati naanza tizi mwezi wa tatu nilikuwa na kilo 55.2, yaani shati la saizi ndogo linanipwaya. Jimu ninayoenda kuna jamaa anauza vitu vya mazoezi, akaniambia wewe mwembamba hivi unahitaji unga wa kriatini tu, miezi miwili watu hawatakujua. Nikatoa elfu tisini nikachukua kopo.

Akanipa na maelekezo ya kuanza kwa kishindo, gramu 20 kwa siku nikizigawa mara nne, kwa siku saba, halafu ndio nishuke gramu 5 kwa siku. Njia hiyo ipo kweli na watu wanaitumia, hajanidanganya, ila kwangu tumbo lilijaa gesi nikawa naenda chooni mara tatu asubuhi, na kila dozi na glasi kubwa ya maji, ukifika muda wa msosi nimeshiba maji. Fikiria mtu ambaye shida yake ni kula kidogo halafu unampa kitu kinachomfanya ale kidogo zaidi. Ungeanza tu na gramu 3 mpaka 5 kwa siku ungefika palepale, inachukua kama wiki tatu nne misuli kujaa kriatini, na tumbo linakaa kimya.

Sasa siku ya nane nikapanda mzani, 56.6! Kilo moja na nusu kasoro kidogo kwa wiki, nikapiga hesabu ya kichwani nikaona Krismasi nitakuwa na kilo 90 😂 Nikamtumia mshkaji picha ya mzani. Wiki ya pili 56.5, ya tatu 56.7, wiki ya sita bado 56.7. Nikaenda kumlalamikia muuzaji, akasema labda nichukue na kopo lingine la aina tofauti.

Kilichonifumbua macho ni kazi. Nilipata kibarua cha ujenzi Same wiki nne, kopo nikalisahau ghetto, kula kwangu kulekule, nikarudi mzani unasoma 55.6. Kumbe ile kilo ilikuwa maji. Kriatini ikiingia kwenye msuli inavuta maji ndani ya msuli, ndio maana uzito unaruka siku za mwanzo halafu unasimama kama umegonga ukuta, ukiacha kutumia maji yanatoka taratibu. Kwa hiyo ukiona kilo zimekuja zote wiki ya kwanza na baada ya hapo kimya, jua hujanenepa bado.

Na si kwamba haifanyi kazi, tusiionee. Kazi yake ni kurudisha haraka ile nguvu ya sekunde chache unaponyanyua kitu kizito, benchi ya kilo 40 nilikuwa naishia mara 8 nikafika 10, skwati pia. Hizo mara mbili za ziada ndizo zinazoulazimisha msuli kukua, lakini ukue kwa tofali gani? Gramu 5 za kriatini hazina kalori za maana. Kiganja kizuri cha karanga, gramu 50 hivi, kina kalori karibu 300. Fundi nimemleta, mchanga na saruji sijanunua.

Nikaandika kwenye daftari kila ninachokula siku tatu bila kujidanganya. Asubuhi chai ya rangi chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie, usiku ugali na dagaa, au nikichoka nalala hivyohivyo. Na mimi nilikuwa naapa kwamba nakula sana! Nakula sana mchana tu, sahani moja ya kujaza, ndiyo ninayoikumbuka.

Nikarudia kriatini kijiko kimoja baada ya chakula, na chakula chenyewe nikaongeza vitu vitatu tu: nusu lita ya maziwa fresh asubuhi badala ya chai ya rangi, parachichi zima mchana (Mbuyuni yanapatikana kirahisi, huna kisingizio), na karanga jioni nikitoka jimu, pamoja na sharti la kutolala bila kula. Vile vitatu peke yake vinakaribia kalori 900. Mtori nao nikipata siuachi, unashuka hata kama huna hamu. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso kuliko tizi.

Mzani napanda Jumatatu asubuhi kabla ya chai, baada ya choo, palepale. Safari hii nayo iliruka kilo moja ya maji, hiyo siihesabu, halafu ikawa inapanda gramu mia nne, mia tano kwa wiki, wiki nyingine hakuna kitu. Wiki ya kumi nikasoma 60.1.

Kopo naipa nyota tatu na nusu, muuzaji moja. Halafu ukienda kupimwa figo mwambie daktari unatumia, maana kipimo kinaweza kusoma juu kwa sababu hiyo, na kama figo zako zina historia muone kwanza kabla ya kununua. Kopo la pili sijachukua bado, hela ya mwezi huu imeenda kwenye maziwa.