Graipu wota na matone ya gesi kwa mtoto mchanga: uzoefu wangu

Kwa anayetaka jibu la haraka: graipu wota simshauri mama yeyote anunue. Matone ya simethikoni hayana ubaya mkubwa, ila sikuona kazi yake. Na kuna matone ya aina ya tatu, yanauzwa kwenye rafu hiyohiyo, ambayo mtoto mchanga hafai hata kuonjeshwa. Hayo ya tatu ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Mwanangu alianza vilio vya jioni akiwa na wiki tatu hivi. Mchana mzima yuko sawa, ananyonya, uzito unapanda. Magharibi ikiingia anakunja miguu, anakaza ngumi, uso unaiva, na hapo hakuna kubembeleza kunakosaidia mpaka usiku umeshakuwa mkubwa. Hapa Tanga wakubwa wanaliita chango la uchanga, na mama mkwe alipokuja kututazama hakukawia: "Mwanangu, huyo ana chango. Wangu wote walikunywa graipu wota, wakalala." Chupa ikaletwa siku hiyohiyo.

Mama mkwe hakusema uongo, maana graipu wota ya zamani ilikuwa kitu kingine. Dawa hii ilianzishwa Uingereza mwaka 1851 na mfamasia William Woodward wa Nottingham, na ndani yake alitia mafuta ya shibiti, sodiamu baikaboneti, sukari na pombe ya asilimia 3.6. Mtoto wa wiki chache akipewa pombe atalala, hilo halihitaji utafiti. Waingereza waliitoa pombe hiyo miaka ya 1990. Chupa tuliyoletewa sisi haikuwa nayo. Lebo ilitaja shibiti, baikaboneti na sukari.

Tulipompa kijiko, alinyamaza. Akaramba midomo, akatulia, sote tukatazamana. Baada ya dakika chache kilio kikarudi palepale kilipoachia, na jioni zilizofuata ikawa hivyohivyo. Nilipomweleza sista wa kliniki hakushangaa. Alisema utamu ukigusa ulimi wa mtoto mchanga humtuliza kwa muda mfupi, ndiyo maana hospitalini wengine huwapa watoto maji ya sukari kidogo kabla ya kuwachoma sindano. Tumboni hakuna kilichobadilika.

Ningeweza kuvumilia dawa isiyofanya kitu, lakini hii ina gharama zake. Mtoto chini ya miezi sita anatakiwa anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, na vijiko vya graipu wota mara kadhaa kwa siku ni maji matamu yanayoingia kwenye nafasi ya maziwa katika tumbo dogo mno. Halafu ni maji yaliyotoka kiwandani, na maji yanaweza kuchafuka. Mwaka 2007 Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitoa onyo kuhusu graipu wota moja iliyokutwa na kimelea cha kriptosporidiamu, kinacholeta kuhara, baada ya mtoto wa wiki sita katika jimbo la Minnesota kuugua. Ikiwa yametokea huko, mimi siwezi kuiamini chupa iliyokaa wazi jikoni kwangu katika joto hili.

Tukahamia kwenye simethikoni. Hii inaeleweka zaidi: ni aina ya silikoni inayoviunganisha viputo vidogo vya hewa tumboni viwe vikubwa, vitoke kwa kucheua au kujamba. Haiingii kwenye damu, inapita na kutoka na choo, ndiyo maana madaktari hawaiogopi. Nilimpa matone kabla ya kunyonya kama karatasi ilivyoelekeza. Baadhi ya jioni zilikuwa nafuu, baadhi zilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea pia walipoipima sawasawa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994, watoto 83 wa kati ya wiki mbili na nane walipewa simethikoni kwa kipindi fulani na dawa bandia kwa kipindi kingine, na wazazi hawakujua wanatoa ipi. Asilimia 28 ya watoto walipata nafuu kwenye simethikoni peke yake, asilimia 37 kwenye dawa bandia peke yake, na asilimia 20 kwenye zote mbili. Soma tena hizo namba, mama mwenzangu. Chupa isiyo na dawa ilipata wengi zaidi.

Ukijua kilio hiki kinavyokwenda, namba hizo hazishangazi. Huanza wiki za mwanzo, hupanda mpaka kilele karibu na wiki ya sita, kisha hushuka chenyewe, na wengi wanakuwa wameshapona kufikia miezi mitatu au minne. Mzazi hununua dawa pale anapozidiwa, yaani karibu na kilele. Chochote atakachompa mtoto wakati huo, siku chache mbele kilio kitapungua, na sifa itaiendea chupa. Wangu alitulia kwa kipindi hichohicho. Mtoto wa jirani yangu, ambaye hakupewa chochote, naye alitulia akiwa na umri uleule.

Sasa yale matone ya tatu. Simethikoni ilipokwisha nilikwenda duka jingine la dawa nikaomba matone ya gesi ya mtoto. Kijana wa dukani akanipa kichupa, akasema, "Haya ni makali zaidi, dada, atalala." Nikasoma boksi kabla ya kulipa. Simethikoni ilikuwamo, lakini ilichanganywa na daisaiklomini. Kwenye boksi lilikuwa jina refu linaloanza na herufi D-I-C-Y. Nikarudisha. Daisaiklomini hulegeza misuli ya utumbo, na kusema kweli ndiyo pekee kati ya dawa hizi za zamani iliyoonekana kupunguza kilio kwenye majaribio. Lakini baadhi ya watoto wachanga walioinywa waliacha kupumua, wengine wakapata degedege, na tangu miaka ya 1980 imekatazwa kwa watoto chini ya miezi sita. Bado kuna matone yaliyotengenezwa India yenye mchanganyiko huo. Kwa hiyo usiombe "dawa ya gesi". Omba simethikoni tupu, na usome boksi mwenyewe.

Kilichonisaidia kweli ni sista kumvua mtoto nguo zote na kumkagua. Alimpima joto, akabonyeza tumbo, akatazama kinena kama kuna ngiri, akafunua vidole vya miguu kimoja kimoja kuona kama kuna unywele au uzi uliojifunga, kwa sababu unywele mmoja unaweza kukata damu ya kidole na mtoto akalia siku nzima. Kisha akaniambia nimnyonyeshe mbele yake, na akarekebisha anavyoshika titi, kwani alikuwa anashika chuchu tu na kumeza hewa. Hapo kucheua kulibadilika kwa macho.

Mtoto anayetapika kijani, mwenye damu kwenye choo, tumbo lililovimba na kuwa gumu, joto la nyuzi 38 au zaidi, au anayekataa kunyonya, huyo si wa matone. Mpeleke hospitali usiku huohuo. Na jioni ukihisi mikono inataka kumtikisa, mlaze chali kitandani kwake, toka nje, mwite mtu. Kulia dakika kumi hakumdhuru, kutikiswa kunaweza kuupasua mshipa wa ubongo.

Kwa nyota tano: graipu wota moja, simethikoni mbili kwa sababu ya usalama wake, matone yenye daisaiklomini hata nusu siwapi.